Wiki mbili, mtihani wa miundo ya data na algoriti, na kibanda cha uwakala juu yake. Naombeni ratiba

KijanaWaKimara
Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa pili, nasoma sayansi ya kompyuta, chuo kimoja hapa Dar. Jumanne ya wiki mbili zijazo nina mtihani wa miundo ya data na algoriti. Ni wa muda wa saa tatu, kalamu na karatasi, hakuna kompyuta. Shida ni kibarua: nipo kwenye kibanda cha uwakala saa nane mchana hadi saa tatu usiku, Jumapili tu ndiyo yangu. Hadi nifike geto, nioge, nile, ni saa tano. Nafungua slaidi, nikishtuka ni asubuhi na simu iko kifuani.

Nimepanga hivi: kila siku mada moja, slaidi zote kuanzia ya kwanza. Code za kupanga namba nazikariri kama zilivyo. Grafu naziacha, hazinipendi. Mwenye ratiba bora kuliko hii anisaidie. Kejeli pembeni.

MpokiWaMbagala
Grafu hazikupendi, je wewe umeshawahi kuzipigia simu?

BabaKulwa
Kijana, mimi nilisomea uhasibu huku nikilinda ghala la mbao usiku. Nilikuwa nasomea kwenye taa ya getini, mbu wananila, na mitihani nikafaulu. Ninyi wa siku hizi mna simu, mna bando, bado mnalalamika. Lala saa nne, amka saa tisa. Basi. Usingizi wa mwanafunzi ni deni.

Ngosha_IT
Usipoteze muda na mengi. Kariri jedwali la O kubwa: meji soti ni n log n, babo soti ni n mraba, kutafuta kwa kugawa nusu ni log n. Maswali ya code angalia tu hivi: lupu moja ni n, lupu ndani ya lupu ni n mraba, ukiona kitu kinajirudufu weka log. Mimi nilitoka na B kwa njia hiyo.

FundiMsimbo
Kijana, kabla ya ratiba nijibu matatu. Una mitihani ya miaka iliyopita? Maswali yake yanataka uandike code, au yanakupa namba na kukwambia uonyeshe hatua? Na la tatu: huu mtihani unaukalia kwa mara ya kwanza?

KijanaWaKimara
Mitihani ninayo, ya miaka minne. Mingi ni "onyesha hatua". Code huwa swali moja au mawili.

FundiMsimbo
La tatu umeliruka, sawa, tutalirudia.

Kama mtihani wako ni wa kuonyesha hatua, kukariri code hakukusaidii. Niliwahi kusahihisha makaratasi ya somo hili nikiwa msaidizi wa mhadhiri. Wengi waliokwama walikuwa wanajua hipu ni nini, ila hawakuwahi kuijenga kwa mkono hadi mwisho. Chukua arei 10, 20, 30, 40, 50, uambiwe tengeneza hipu yenye kubwa juu. Ukiingiza namba moja moja, kila mpya unaiweka mwisho na kuipandisha hadi mzazi aizidi, unamaliza na 50, 40, 20, 10, 30. Lakini swali likisema ijenge kutoka arei iliyokwisha jaa, unaanzia kwa mzazi wa mwisho, yaani 20, unamshusha chini ya 50, kisha unakuja kwa 10 na kumshusha hatua mbili. Hapo unapata 50, 40, 30, 10, 20. Zote mbili ni hipu halali, ila swali lilitaka moja. Mwanafunzi aliyesoma slaidi tu hajui kuwa majibu yako mawili, mpaka aone kosa jekundu.

Kwa hiyo siku ya kwanza usifungue slaidi. Kaa na mtihani mmoja wa zamani kwa muda wa saa tatu nzima, ukipima kwa saa ya ukutani, bila msaada, halafu jisahihishe. Swali ulilopata kabisa, liache. Ulilokwama katikati ndilo linaenda mwanzo wa ratiba, kwa sababu linakaribia kukupa alama. Ambalo hukuandika hata mstari linasubiri.

Na grafu usiziache. Kutembea grafu kwa upana ni foleni, kwa kina ni steki, na njia fupi ya Dijkstra kwa kawaida inachukua kituo kinachofuata kutoka kwenye hipu. Ukiwa umezielewa hizo tatu, grafu ni jioni mbili, si wiki.

MchunguziHuru
Jamani, kabla hamjaendelea kumwaga elimu, naomba kuuliza. Huu ni mwezi wa tisa. Mitihani ya mwisho wa mwaka vyuo vingi ilishaisha mwezi wa saba, wanafunzi wako makwao wanapalilia. Huyu anafanya mtihani gani? Halafu mwezi wa tatu akaunti hiihii ilikuwa inauliza bei ya kuku wa kienyeji Singida. Leo ni mwanachuo na wakala. Hii ni chai, tena ya tangawizi.

MpokiWaMbagala
Weka maandazi basi, mimi nina njaa.

KijanaWaKimara
Bei ya kuku alikuwa anauliza mama, alitumia simu yangu. Mtihani upo. Sitaki kuingia kwenye mambo binafsi.

MchunguziHuru
Mtihani "upo". Haya, kama kweli unasoma somo hili, niambie mstari wa ndani kabisa unarudiwa mara ngapi n ikiwa 16, na kwa jumla ni O ya nini:

```
for (int i = 1; i < n; i *= 2)
    for (int j = 0; j < i; j++)
        hesabu++;
```

Ngosha_IT
Rahisi. i inajirudufu, hiyo ni log n. Ndani kuna lupu, hiyo ni n. Jibu n log n. Kijana nakili tu.

KijanaWaKimara
Nimeandika hapa kaunta kwenye kipande cha risiti. i ikiwa 1, ndani mara 1. i ikiwa 2, mara 2. Halafu 4, halafu 8. Inayofuata ni 16, siyo ndogo kuliko 16, inasimama. Jumla 15. Hapo kwenye O sasa ndiyo sijui, ningeandika n log n kama Ngosha.

FundiMsimbo
Umefanya sehemu ngumu kisha ukaikimbia. Kwa n ya 16, n log n ni 16 mara 4, yaani 64. Wewe una 15. Jaribu n ya 32, utapata 31. Kila n ikiwa mara mbili, jumla nayo inakuwa kama mara mbili, na haivuki 2n. Ni O(n). Ngosha yuko sahihi kwamba lupu ya nje inazunguka mara log n, ila ya ndani haiendi hadi n, inaenda hadi i, na i mara nyingi ni ndogo. Ungebadilisha `j < i` ikawa `j < n`, jibu la Ngosha lingesimama.

Ngosha_IT
Sawa, lakini kwenye mtihani nani ana muda wa kuhesabu hivyo?

FundiMsimbo
Jedwali la mistari minne ni dakika mbili.

MchunguziHuru
Amemuuliza jirani. Bado hajasema ni mtihani gani.

KijanaWaKimara
Ni sapu. Haya, mmefurahi? Nilipata sapu ya somo hili moja. Nikikosa tena nabeba somo mwaka wa tatu, na ni sharti la masomo mengine mawili. Sikutaka kuandika kwa sababu najua mngeanza.

BabaKulwa
Sapu! Na bado uko kibandani? Acha kazi hiyo leo. Mzazi wako anajua?

KijanaWaKimara
Baba, kazi siachi. Bumu limekatika likizo hii, kodi ya geto nalipa mimi. Na wiki ya pili, Jumatano hadi Jumamosi, nimeshakubali kumshikia mwenzangu zamu ya asubuhi, anaenda harusini Tanga. Nitaingia saa mbili asubuhi. Hela yake nimeshachukua, ndiyo iliyolipa ada ya sapu. Na asubuhi wateja ni wachache, nitasomea palepale.

MpokiWaMbagala
Umeuza muda wa kusoma ili ulipie mtihani. Hii biashara hata wakala hana.

MamaNasra
Mwanangu, mimi nina vibanda vitatu Tabata, nakwambia kama mwajiri. Usidanganyike kuwa utasoma siku nzima kaunta. Msichana wangu alikuwa na kitabu mapajani, mteja akaomba kutoa elfu hamsini, akampa laki na nusu, jioni fedha haziingiani na floti. Alilipa mwenyewe. Lakini akija kijana kuniambia wiki moja kabla "mama, Jumatatu naomba aingie mtu mwingine, kesho yake nina mtihani", nampa. Kinachoniudhi ni kuambiwa asubuhi ileile.

FundiMsimbo
Mama amesema la maana. Basi tuipange kwa hali ilivyo.

Jumapili hii ndiyo siku ya mtihani wa majaribio niliousema, asubuhi. Kuanzia Jumatatu hadi Jumanne ya wiki ya pili ndipo unapojifunza chochote kipya, na saa zako ni za asubuhi, kumi na mbili hadi nne na nusu, kabla ya kazi. Usiku saa tano usijaribu kitu kipya, mwili umeshakataa. Kila asubuhi mada moja, maswali mawili kwa mkono, na dakika kumi za mwanzo urudie swali la juzi bila kuangalia. Ukishindwa la juzi, usiende mbele. Nisingepita zaidi ya hizi: O za lupu, linki listi na steki, miti ya kutafutia na mizunguko ya AVL, hipu, hashi, kwiki soti, grafu.

Siku nne za zamu mbili ni za kurudia tu. Andika swali moja upande wa karatasi, jibu nyuma. Kwa mfano: ingiza 30, 10, 20 kwenye mti wa AVL. Mteja akija unaigeuza uso chini, akiondoka unaanza upya kutoka hatua ya kwanza, si ulipoishia. 10 inakwenda kushoto kwa 30, 20 inakwenda kulia kwa 10, mti unapinda. Unazungusha mara mbili, 20 inabaki juu. Ukizungusha mara moja tu, 10 inapanda juu na mti bado umeinama, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Jumapili ya mwisho, mtihani mwingine mzima kwa saa. Ruhusa ya Jumatatu umwombe bosi mapema.

Ngosha_IT
Na dainamiki programingi umeirusha? Kwetu ilikuwa na swali zima.

FundiMsimbo
Nimeirusha kwa makusudi. Inahitaji siku nyingi hadi ikae. Kama ipo kwenye mitihani yake yote minne, ajifunze kujaza jedwali la begi tu.

Ngosha_IT
Mimi ningeacha AVL kabla ya kuacha hiyo. Swali zima ni swali zima.

KijanaWaKimara
Nimeangalia: ipo kwenye miwili kati ya minne. Sijui nifuate nani. Bosi nimemtumia ujumbe wa Jumatatu, ameusoma, hajajibu.

MchunguziHuru
Weka picha ya hiyo risiti yenye 1, 2, 4, 8.

KijanaWaKimara
Nimempa mteja.