Tupeane uzoefu: laptopu ya gemu inayopunguza spidi kwa joto, ulijisafishia au ulimpa fundi?

Kiboko_wa_Tegeta: Wakuu, nikicheza GTA V mwanzoni mambo safi, baada ya robo saa picha zinakwamakwama. HWiNFO64 inaonyesha prosesa nyuzi 99, na `Thermal Throttling` imeandikwa `Yes`. Haijawahi kufunguliwa. Mliopitia hili mlifanyaje?

Fundi_Makoroboi: Mkuu, joto lako linapanda taratibu, kwa hiyo naanza kushuku vumbi. Pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa ikikauka, joto hugusa 95 sekunde chache tu baada ya mzigo kuanza. Vumbi lenyewe hulioni kwa nje: hujibana kati ya feni na vile vibati vyembamba vya kutolea joto, limeshikana kama kipande cha blanketi. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha ndani. Zima, toa kifuniko, chomoa waya wa betri kwanza, fungua feni, ulitoe kwa kibanio. Ukitumia blowa, shikilia feni isizunguke, beringi zake hazipendi ile kasi.

Dogo_Nyakato: Pesti tu hiyo. Paka nyingi, ijae mpaka pembeni, joto lote linaisha.

Fundi_Makoroboi: Kufunika kioo chote cha prosesa, sawa, kwa sababu kwenye laptopu hakina kofia ya chuma. Ila inayozidi inakamuliwa nje tu, haipoozi chochote. Pesti ya zamani ifute kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, na skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa namba zilizoandikwa kando yake.

Bi_Nungwi: Yangu nilimpa fundi, ikarudi mbaya zaidi. GPU ilikuwa inafika 80, sasa 90. Fundi wa pili alipoinua shaba ya kupoozea, pesti ilikuwa na alama upande mmoja tu. Yule wa kwanza alitoa pedi za milimita 1 kwenye memori akaweka za 1.5, shaba ikainuka, haikugusa vizuri. Siku hizi kabla sijaacha mashine namuuliza fundi atapima unene wa pedi kwa kifaa gani. Akisema "zote sawa tu", naondoka nayo.

Baba_Shani: Yangu nayo nzito kwenye gemu, lakini joto 65 tu. Nisafishe?

Fundi_Makoroboi: Kaka, hiyo siyo joto. Chaja ni ile ya mwanzo?

Baba_Shani: Ilikufa, natumia ya wati 65 ya ofisini.

Fundi_Makoroboi: Basi umeme haukutoshi. Soma kibandiko chini ya mashine ujue inahitaji umeme kiasi gani.

Kiboko_wa_Tegeta: Vumbi nitatoa mwenyewe. Nikiinua shaba, kuna haja ya kuweka PTM7950, ile karatasi inayolainika kwa joto, badala ya pesti?

Fundi_Makoroboi: Kabla ya kuinua, angalia kama kiwandani waliweka metali ya majimaji badala ya pesti. Kama ipo, usiguse, mpe anayeijua: tone likidondokea bodi linapiga shoti.

Bi_Nungwi: PTM yangu haijasogea, pesti ilikuwa inakamuliwa pembeni kila baada ya miezi.

Dogo_Nyakato: Feki zimejaa, mimi nabaki na pesti nzito.