Manukuu ya papo kwa papo kwenye mkutano wa siku 2: huduma ya mtandaoni, Whisper kwenye laptopu, au watu?

MzingaTabora
Wakuu, habari za kazi. Mwezi ujao tuna mkutano wa vyama vya wafugaji nyuki hapa Tabora, watu kama 160. Kati yao 11 hawasikii vizuri, na wengi wao waliusikia mkutano uliopita nusunusu tu. Nimepewa kazi ya kuweka maandishi ukutani wakati mtu anaongea. Nina njia 3 mezani: kulipia huduma ya mtandaoni inayogeuza sauti kuwa maandishi, kuendesha Whisper, programu ya kazi hiyo hiyo, kwenye laptopu yetu, au kutafuta wachapaji wenye kasi.

Nimejaribu njia 2 za kwanza kwa kutumia maiki ya laptopu iliyowekwa meza ya mbele. Zote zimenivunja moyo. Maandishi yanachelewa, na yakifika yana makosa mengi. Wasemaji wetu wanachanganya Kiswahili na Kiingereza. Nichague ipi?

Kadi8GB
Mkuu, tatizo lako ni modeli ndogo. Chukua laptopu yenye kadi ya michoro nzuri, weka modeli kubwa ya Whisper, `large-v3`, makosa yatapungua. Kuchelewa kunatoka kwenye intaneti, kwa hiyo ukiendesha kila kitu ukumbini kuchelewa kunakwisha.

Mtumishi_wa_Jumapili
Sisi kanisani tunarekodi ibada, jioni tunaipitisha kwenye programu, tunasahihisha, kisha tunapandisha video ikiwa na maandishi yake. Inatoka safi kabisa. Ndugu, usijisumbue na papo kwa papo.

MzingaTabora
Asante mtumishi, ila mimi nataka mtu aliyekaa ukumbini asome wakati ule ule, ili akitaka kuuliza swali aulize kabla mada haijapita.

fundi_mikseri
Kabla ya kuchagua programu, tuanze na hiyo maiki ya laptopu. Ikiwa mita 4 kutoka kwa msemaji, inachukua sauti yake, mwangwi wa ukuta, feni na viti, na hakuna modeli itakayokutoa hapo. Nenda kwa fundi wa mitambo ya ukumbi umwombe njia yake ya pekee kutoka kwenye mikseri, ile ya aux, ichukue sauti kabla ya kitelezi. Hapo akishusha spika za ukumbini kwa sababu zinapiga mluzi, sauti yako haishuki. Njia hiyo ibebe maiki zote za wasemaji na ile ya maswali, lakini muziki usiingie. Ipitishe kwenye kiunganishi cha sauti cha USB hadi laptopu. Usitumie tundu la maiki la laptopu lenyewe, maana sauti ya mikseri ina nguvu kuliko linavyotarajia, itapasuka. Weka kiwango ili msemaji mwenye sauti kubwa kuliko wote asifike kwenye taa nyekundu.

Programu za kusafisha kelele zizime. Zinatafuna mwanzo wa maneno, na kwa Kiswahili mwanzo wa neno ndiko nafsi au kukanusha kunakokaa.

Kisha pima tena. Soma ukurasa mmoja kwa dakika 3, hesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa, ugawanye kwa maneno yote uliyosoma. Kuchelewa kupime kwa simu: rekodi video moja inayoonyesha mdomo wa msemaji na skrini pamoja, ahesabu moja hadi ishirini polepole, halafu uangalie kila namba ilitamkwa sekunde ya ngapi na ikatokea ukutani sekunde ya ngapi. Kukadiria kwa hisia kunadanganya.

Kadi8GB
Sikatai sauti, ila kadi bado ni muhimu.

Salome_mkondo
Kaka Kadi, uko sahihi nusu. Modeli kubwa inapunguza makosa ya Kiswahili, hilo kweli. Lakini kuchelewa hakutoki kwenye intaneti pekee. Whisper ilifunzwa kwa vipande vya sekunde 30. Ukiipa sekunde 2 za sauti, inajaza ukimya hadi zifike 30 kisha ndiyo inafanya kazi, kwa hiyo kipande kifupi hakikuokolei muda kama unavyodhani. Na ukikata sauti vipande vipande kwa kufuata saa tu, unakata maneno katikati.

Kuchelewa kukubwa kunatokana na uamuzi mmoja: neno linaonyeshwa lini? Huduma za mtandaoni hutuma makisio yanayobadilika, halafu jibu la mwisho lenye alama `is_final`. Ukisubiri la mwisho, unasubiri msemaji apumue, na wapo wazee wetu wanaozungumza nusu dakika bila kupumua. Ukionyesha kila kisio, unapata kasi, lakini maneno yanarukaruka machoni.

Njia ya kati ni kulinganisha makisio mawili yanayofuatana na kuonyesha mwanzo ule tu ambao yote mawili yanakubaliana. Tuseme makisio yanakuja hivi:

```
1  asali yenye unyevu una
2  asali yenye unyevu unaozidi asili
3  asali yenye unyevu unaozidi asilimia ishirini hai
```

La 1 na la 2 zinakubaliana hadi "unyevu", basi "asali yenye unyevu" inaenda ukutani na haiguswi tena. La 2 na la 3 zinaongeza "unaozidi". Neno la mwisho huwa limekatika, ndiyo maana "asili" na "hai" hazikutoka. Unalipia kusubiri kisio moja zaidi, yaani sekunde moja hivi, na msomaji hapati maandishi yanayojifuta.

Mradi wa `whisper_streaming` unafanya hivyo wenyewe:

```
python3 whisper_online_server.py --backend faster-whisper \
  --model large-v3 --lan sw --min-chunk-size 1 --vac --port 43001
arecord -f S16_LE -c1 -r 16000 -t raw | nc localhost 43001
```

Mstari wa pili uendeshe kwenye dirisha jingine. Hiyo `--vac` inazuia ukimya usifike kwenye modeli. Bila hiyo, wakati wa chai Whisper huanza kuandika sentensi ambazo hakuna aliyezisema. Ukiona maneno ya "asanteni kwa kutazama" na hakuna mtu jukwaani, ujue ni hilo.

Ukichagua huduma ya mtandaoni, uliza mkondo mmoja unaruhusiwa muda gani. Kwenye Google ni takriban dakika 5, kwa hiyo programu yako lazima ifungue mkondo mpya na kurudia sekunde chache za mwisho, la sivyo kila dakika 5 sentensi moja inapotea.

Sisikii_Nasoma
Naomba niseme kama mtu wa upande wa kusoma. Mimi sisikii tangu nikiwa na miaka 9.

Kuchelewa sekunde 3 nakuvumilia. Sekunde 8 siwezi, kwa sababu watu wameshacheka, mwenyekiti ameshamtaja mwingine, na mkono wangu bado uko juu kwa swali la jambo lililopita. Maneno yanayobadilika baada ya kuyasoma yananichosha kuliko kuchelewa, maana narudi nyuma kila mara.

Jambo la pili ni hiyo sentensi ya dada Salome. Imalizieni: "asali yenye unyevu unaozidi asilimia ishirini haipokelewi." Nimewahi kukaa kwenye semina ambako mashine ilikula "ha" za namna hii mchana kutwa. "Haipokelewi" ikawa "inapokelewa", na mimi nikaandika daftarini kinyume cha kila alichosema mkufunzi. Neno moja kati ya 7, ila kwa mfugaji ni mzigo wote kurudishwa. Kwa hiyo mkishahesabu makosa yote, hesabuni peke yake makosa ya kukanusha, namba na majina.

Tafadhali pia msiyaweke chini kabisa ya skrini. Vichwa vya waliokaa mbele vinafunika. Mistari 2 au 3 juu, herufi kubwa, inatosha. Na wale wanaotumia lugha ya alama bado wanahitaji mkalimani wao. Wengine hawasomi Kiswahili kwa raha.

MzingaTabora
Dada Sisikii, hilo la asilimia 20 ndilo somo la siku ya kwanza. Nimekuelewa.

Kibanda_Mombasa
Hamjamjibu kuhusu watu. Mchapaji wa kawaida hawezi, msemaji anapita maneno 100 kwa dakika bila shida. Wapo waandishi wa hati mkato wa mashine wanaofika zaidi ya 200 kwa Kiingereza, ila wa Kiswahili mimi sijafanya naye kazi.

Sisi tulitumia mrudiaji. Mtu anakaa chumba cha pembeni chenye utulivu, anavaa vipokea sauti, anamsikiliza msemaji na kurudia kwa sauti tulivu kwenye maiki yake. Modeli inamsikia yeye tu. Msemaji akitupa Kiingereza, mrudiaji anakisema kwa Kiswahili. Akinung'unika, mrudiaji anatamka "ha-i-po-ke-le-wi" vizuri. Inaongeza sekunde 1 au 2. Mnahitaji watu 2 wapokezane kila robo saa, maana baada ya hapo mtu anaanza kuruka maneno bila kujijua.

Salome_mkondo
Nakubaliana na Kibanda kwa mchanganyiko wa lugha. Ukiiambia Whisper `sw`, sentensi nzima ya Kiingereza mara nyingine inaiandika kwa Kiswahili, na tafsiri yenyewe haina dhamana. Ukiiachia itambue lugha yenyewe, inayumba katikati. Sina dawa ya kudumu.

MzingaTabora
Narudi na majibu ya mazoezi ya jana ukumbini. Nilisoma ukurasa ule ule wa maneno 340.

Maiki ya laptopu na Whisper: makosa 95, yaani asilimia 28. Njia ya mikseri, modeli ile ile: makosa 41, asilimia 12. Sikubadilisha kitu kingine. Fundi, nakushukuru sana. Kuchelewa kwa kupima na simu kulikuwa sekunde 3 na nusu hadi 4. Huduma ya mtandaoni nikisubiri jibu la mwisho ilitoa sekunde 4 kwa sentensi fupi na 11 nilipoongea bila kupumua. Nilipotumia kanuni ya makisio mawili, ilishuka hadi sekunde 2 na kidogo, lakini makosa yalikuwa 52.

Kati ya yale 41 ya Whisper, 3 yalikuwa ya kukanusha, na 9 yalikuwa neno moja: AMCOS, yaani chama cha ushirika, iliandikwa "amkosi", "hamkosi", "wamekosa". Hizo 2 za kwanza nimeziwekea orodha ya kubadilisha kabla ya kwenda ukutani.

fundi_mikseri
"Amkosi" badilisha. "Hamkosi" iache, ni Kiswahili halali, siku mtu akilisema kweli utamharibia.

Kadi8GB
Hapo nimejifunza. Laptopu ilipata joto?

MzingaTabora
Baada ya dakika 40 kuchelewa kulipanda hadi sekunde 6. Niliinua laptopu juu ya vitabu viwili na kuiwekea feni, ikarudi 4. Siku yenyewe nitakuwa na ya pili pembeni.

Nimeamua mikseri na Whisper kwa hotuba, mrudiaji kwa kipindi cha maswali, maana huko ndiko lugha zinakochanganyika na maiki inapitishwa mkono kwa mkono. Kilichobaki ni zile 3 za kukanusha. Nafikiria kumweka mtu anayesikia vizuri mbele ya kibodi arekebishe kabla hazijatoka, lakini hiyo itaongeza kuchelewa.

Sisikii_Nasoma
Usizuie maandishi kwa ajili hiyo. Yaache yatoke, akiona kosa la kukanusha aandike mstari mpya wenye rangi nyingine: "SAHIHISHO: haipokelewi." Huo nitauona.

Kibanda_Mombasa
Mimi ningezuia. Wengine watakuwa wameshapiga picha ya ukuta.