Sauti imekaza lakini koo halina ugonjwa: kunyamaza, kutuliza mwili, kukandwa koo au tiba ya sauti?

Chaki_Mkononi
Habari wakuu. Mimi mwalimu, sauti yangu imekuwa ya kujikamua tangu nilipougua mafua. Mafua yenyewe yaliisha kitambo ila sauti haijarudi. Asubuhi inakuwa afadhali kidogo, ikifika vipindi vya mwisho naongea kama mtu aliyekabwa, na shingo inauma pande zote mbili za kikoromeo. Nilipewa antibayotiki, hamna kitu. Baadaye daktari wa masikio, pua na koo akanipitishia kamera puani, akasema kamba za sauti ziko safi, hakuna kinundu wala uvimbe, ila nikianza tu kuongea vile vikunjo vilivyo juu ya kamba vinabana kuelekea katikati. Akaandika disfonia ya mkazo wa misuli, akaniambia nipunguze stresi na nimwone mtaalamu wa tiba ya sauti.

Sasa mtaalamu ana foleni ndefu. Nisubiri, au nikifanya mazoezi ya kutulia nyumbani yanatosha? Na kuna mtu kanishauri ninyamaze kabisa wiki mbili. Aliyejaribu hizi njia anilinganishie.

Baba_Tatu
Pole mwalimu. Nyamaza tu, msuli uliochoka dawa yake ni kupumzika. Ukibanwa sana nong'ona, usitoe sauti kamili.

Pumzi_Ndefu
Mimi nasema hiyo ni stresi asilimia mia. Lala chali, mkono tumboni, vuta pumzi taratibu tumbo lipande, toa polepole, halafu kaza misuli ya mguu uachie, upande hivyohivyo hadi usoni. Nilikuwa na koo la kukaza kila nikitakiwa kuongea mbele za watu na hii ndiyo iliyonisaidia, sikwenda kwa mtu yeyote. Tiba ya sauti ni ya waimbaji bana.

Kamba_Mbili
Nafanya kazi ya tiba ya usemi na sauti, ngoja niingie hapa kidogo.

Baba Tatu, kunyamaza kunafaa kama kamba zimevimba au zimetoka kufanyiwa upasuaji. Za mwalimu hazijavimba. Tatizo lake ni namna misuli inavyojipanga akitaka kutoa sauti, sasa akinyamaza wiki mbili misuli inapumzika kweli, ila siku anafungua mdomo darasani inajipanga vilevile maana hakuna kilichofundishwa upya. Na kunong'ona ndiyo usimshauri kabisa, watu wengi wakinong'ona kwa nguvu vile vikunjo vya juu vinabana hata zaidi ya wanapoongea.

Pumzi Ndefu una nusu ya jibu. Mwili ukitulia, mabega na taya vikashuka, zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti, nayo inapata nafasi ya kushuka. Lakini nimewaona wengi ambao wakilala chali wako laini kabisa, ukiwaambia "hebu hesabu moja hadi kumi" shingo inakaza kabla ya moja haijatoka. Mkazo umeshikamana na tendo lenyewe la kuongea. Kwa hiyo kutulia ni mlango, ukiishia hapo hujaingia ndani.

Mwalimu hebu nijibu hili: ukicheka au ukikohoa, au mtu akikuuliza kitu ukaitikia "mhm" bila kufikiri, sauti inatokaje?

Chaki_Mkononi
Aisee nimejaribu sasa hivi. "Mhm" inatoka safi kabisa!! Na kucheka pia, wanangu huwa wananiambia mama ukicheka sauti imerudi. Nikiongea tu inakwama.

Kamba_Mbili
Hapo ndipo tiba ya sauti inapoanzia. Sauti nzuri ipo, haijaharibika, tunaitafuta ilipojificha tunaivuta hadi kwenye maneno. Kwa mtu kama wewe mimi naenda hivi.

Naanza na mrija. Glasi ina maji, ncha ya mrija imezama kama sentimita mbili, midomo imeufunga vizuri, unatoa "uuu" ndani ya mrija huku maji yanatoa mapovu. Siyo kupuliza tu, lazima sauti iwepo, hapo ndipo wengi wanakosea. Maji yanarudisha presha kidogo hadi juu ya kamba, presha hiyo inazisaidia zisigongane kwa nguvu, na koo linaacha kubana maana halina haja. Dakika moja au mbili zinatosha, mara kadhaa kwa siku, ni bora kuliko kukaa nusu saa mara moja. Mrija ukizama sana inabidi usukume, unarudi kulekule kwenye kujikamua.

Ukitoa mrija mdomoni usikae kimya, palepale toa "mmmm" ukisikilizia mtetemo uko wapi. Ukiwa kwenye midomo na pua uko sawa. Ukiusikia shingoni rudi kwenye mrija. Halafu ile mmmm unaifungulia maneno: mmmmama, mmmoja, mmmwana, mmmgeni. Lugha yetu imetusaidia sana hapa, maneno ya kuanza na m ni mengi na m yenyewe inasimama peke yake. Baada ya hapo sentensi fupi, "mama mmoja anamngoja mwanawe", kisha sentensi za kawaida zisizo na m nyingi, kisha kusoma, kisha maongezi, mwisho kuongea kwenye kelele. Usiruke hatua. Mtu anaweza kuwa safi kwenye sentensi halafu nikimuuliza tu habari za kazini koo linafunga, basi tunashuka hatua moja.

Zeze_la_Usiku
Kuhusu kuimba, noti za juu mimi huwa nazifikia vizuri nikianza na kutetemesha midomo brrrr, jaribu kupandisha nusu noti kila siku.

Chaki_Mkononi
Asante ila siimbi ndugu, ni darasani tu 😅

Kamba_Mbili
Ila hiyo brrrr siyo mbaya, inafanya kazi kwa njia ileile ya mrija. Pale ambapo huwezi kutembea na glasi ya maji inafaa sana, hata njiani kwenda kazini. Noti za juu ziache.

Sauti_Hewa
Mimi naomba niweke angalizo. Nami niliambiwa ni mkazo wa misuli, nikafanya kutulia, nikakandwa, na kweli maumivu ya shingo yakapungua lakini kila nilivyozidi kulegea ndivyo sauti ilivyobaki hewa tupu, hata simu nilishindwa kuongea. Nikaenda kuangaliwa kwa kamera ile yenye taa ya kumulika haraka haraka, ikaonekana kamba moja haifungi vizuri. Yaani misuli ilikuwa inabana ili kufidia ile kamba dhaifu. Kwa hiyo ule mkazo ulikuwa ni gongo langu la kutembelea, nikaondolewa gongo kabla mguu haujatibiwa.

Kamba_Mbili
Hii ni pointi nzito. Mkazo unaweza kuwa ndio tatizo lenyewe, au ukawa umekuja juu ya tatizo jingine. Mwalimu, kwa kuwa "mhm" yako ni safi naelekea kuamini lako ni la kwanza, sauti ya mtu ambaye kamba haifungi huwa na hewa hata akikohoa, kikohozi chake kinakuwa butu. Lakini siwezi kuapa kupitia maandishi. Kama kamera ya kwanza ilikuwa ya kawaida, uliza kama wanayo hiyo ya taa ya kumulika, maana inaonyesha mtikisiko wa kamba ambao kamera ya kawaida haiukamati.

Mdadisi
Kuna ule ugonjwa mwingine wa sauti kukatikakatika unaotokana na ubongo kutuma amri vibaya, disfonia ya spazimu. Nao hauonekani kwenye kamera vizuri na sauti nayo inabanwa. Utautofautishaje?

Kamba_Mbili
Swali zuri na ni gumu kweli, hata sisi tunabishana. Dokezo moja ni sentensi. Soma "aliye na mambo mengi aende mwenyewe" kisha "kaka katoka kufuata kitabu". Aina ya spazimu inayobana, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, mara nyingi inakatakata sauti kwenye ile ya kwanza, na ya pili yenye k, t na f nyingi inapita afadhali. Mwenye mkazo wa misuli anabanwa karibu sawasawa kwenye zote. Dokezo la pili ni tiba yenyewe, mkazo wa misuli ukifanyiwa kazi vizuri unaonyesha mabadiliko, spazimu inabaki palepale au inarudi mara tu, na hiyo kwa kawaida inatibiwa kwa sindano za botoksi.

Chaki_Mkononi
Nimesoma zote, zimekwama sawa. Na kukandwa koo je? Kuna mtu wa masaji karibu, nimwendee?

Kamba_Mbili
Wa masaji ya mwili hapana. Mtaalamu anagusa nafasi ile ndogo kati ya kamfupa ka juu ya kikoromeo na kikoromeo chenyewe. Kwa mwenye mkazo hiyo nafasi huwa imefinyika na akiguswa anaruka kwa maumivu. Anazungusha vidole polepole, anaivuta zoloto chini kidogo, na muda wote huo mgonjwa anatoa "mmmm", maana bila sauti inabaki kuwa masaji tu. Njia hii aliielezea Aronson, mtaalamu wa tiba ya usemi, halafu mwaka 1993 watafiti Roy na Leeper wakachapisha matokeo ya wagonjwa 17 ambao wengi wao sauti ilibadilika ndani ya kikao kimoja. Mimi nimeona hivyo pia kwa baadhi, wengine wala. Mtu asiyejua anaweza kubana mshipa mkubwa wa damu pembeni ya shingo, ukaishia kuzimia.

Pumzi_Ndefu
Kwa hiyo mnasema pumzi haina maana?

Kamba_Mbili
Ina maana, ila iunganishe na sauti. Ukitoa pumzi toa na "haaa" kama mtu anayepiga mwayo, taya limeachia. Hapo naikubali.

Sauti_Hewa
Mimi bado nasema mtu asikandwe kabla ya kamera nzuri.

Kamba_Mbili
Hatutofautiani sana, ila mrija na maji mimi ningemruhusu aanze leo wakati anasubiri foleni. Mwalimu, ukianza kupata shida ya kumeza, au kupumua kwa sauti, au kukohoa damu, usisubiri foleni. Na ukianza mrija angalia kitu kimoja tu: sentensi ya kwanza unayoongea ukishautoa. Ikitoka nyepesi hata kwa maneno matatu kisha ikabana, tayari tuna pa kuanzia. Ikiwa haibadiliki hata kidogo kwa wiki mbili tatu, mwambie daktari hivyohivyo.

Chaki_Mkononi
Sawa mkuu. Nimejaribu mapovu sasa hivi, neno la kwanza kweli lilikuwa jepesi, la nne likakaba. Sasa darasani nifanyeje, watoto ni wengi na siwezi kuacha kufundisha?

Baba_Tatu
Piga makofi wanyamaze ndipo uongee. Hilo halihitaji koo.

Kamba_Mbili
Hapo Baba Tatu yuko sahihi. Kikuza sauti kidogo cha kuvaa shingoni nacho kinasaidia, na nenda karibu nao badala ya kupaza kutoka ubaoni. Na ile tabia ya kusafisha koo "hhm hhm" kila dakika, badilisha, meza mate au funda la maji.

Mdadisi
Wengine husema kikuza sauti kinamzoesha mtu uvivu, akikiacha anarudi kujikamua.

Kamba_Mbili
Nimesikia hivyo. Kwa wagonjwa wangu sijaliona hilo, ila wapo wenzangu wanaokitoa mapema. Mimi huwa nakiacha hadi afike hatua ya kuongea kwenye kelele bila shingo kuuma.