Naomba ushauri: nikibandika data kutoka faili jingine la Excel, rangi na fomula za huko zinakuja nazo

KaraniWaStoo:
Wakuu, habari za kazi. Ninatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro, na kila mwisho wa mwezi ninapokea faili la mauzo kutoka tawi letu la Kihonda, nalinakili na kulibandika kwenye faili langu la ripoti kwa Ctrl+C na Ctrl+V. Nina matatizo mawili. La kwanza ni kwamba rangi ya njano, mistari minene na aina ya maandishi ya wenzetu wa tawi vinakuja vyote na kuvuruga mpangilio wa ripoti yangu. La pili ndilo linaloninyima usingizi: ripoti ya mwezi uliopita, ambayo bosi alikwisha kuisaini, ilionyesha mifuko 40 ya saruji kwa shilingi 17,000, yaani 680,000. Jana nilipoifungua, Excel iliniuliza kuhusu viungo vya nje, nami nikabonyeza Update bila kufikiri. Sasa mstari uleule unasoma 740,000, ilhali mimi sijagusa namba hata moja. Nifanye nini?

Fundi_Kibodi:
Ndugu, hilo ni jepesi. Unapobandika, usitumie Ctrl+V. Bonyeza Ctrl+Alt+V, chagua Formulas, kisha OK. Rangi zote zitabaki kule zilikotoka na tatizo litakuwa limekwisha.

Bi Mizania:
Fundi umepata nusu. Formulas huacha rangi na mistari, lakini fomula yenyewe inakuja kama ilivyo, na kiungo cha faili la tawi kinakuja pamoja nayo. Kwa hiyo ripoti itapendeza machoni, lakini itaendelea kubadilika kila bei ya tawi inapobadilika.

Ndugu Karani, tafadhali bofya seli moja ya safu ya bei na moja ya safu ya jumla, utuwekee hapa kilichoandikwa kwenye mstari wa fomula. Iache faili ya tawi ikiwa wazi unapofanya hivyo, ili fomula isomeke kwa ufupi.

KaraniWaStoo:
Ahsante, dada. Safu ya D ni bei na safu ya E ni jumla:

```
=VLOOKUP(B2,[Tawi_Kihonda.xlsx]Bei!$A$2:$B$80,2,FALSE)
=C2*D2
```

Bi Mizania:
Hapo ndipo penye jibu, na ni vizuri uone tofauti ya fomula hizo mbili. Ile ya safu ya E inataja seli za shiti ileile iliyomo, kwa hiyo ulipoibandika kwako ilianza kusoma C2 na D2 za kwako, na haina neno. Ile ya safu ya D kule tawini ilikuwa inasoma shiti nyingine iitwayo Bei. Ulipoihamisha, Excel haikudhani kwamba unataka shiti ya Bei iliyo kwako, hata kama ipo. Ilishikilia ileile ya mwanzo na kuongeza jina la faili ndani ya mabano ya mraba. Tawi walipopandisha saruji kutoka 17,000 hadi 18,500, wewe ukabonyeza Update, na ripoti iliyosainiwa ikaongezeka 60,000.

Kuanzia mwezi ujao, nakili safu A hadi D tu. Nenda kwenye seli ya kwanza ya ripoti, bonyeza Ctrl+Alt+V, kisha herufi U, ambayo huchagua Values and number formats, kisha Enter. Yatakuja matokeo ya fomula pamoja na sura ya tarehe na namba, lakini si fomula yenyewe, wala rangi, wala mistari. Safu ya E iache na fomula yako mwenyewe, ili jumla ziendelee kupigwa ndani ya ripoti.

Watu wengi huchagua V, yaani Values peke yake, nayo ni sahihi pia, ila kama safu ya tarehe ya ripoti yako haijapangiwa sura ya tarehe, 1 Machi 2025 itaonekana kama 45717. Data haijaharibika, hiyo ni namba ambayo Excel huhifadhi kwa siku hiyo.

Mama_Risiti:
Samahani kuingilia. Mimi nikibonyeza Ctrl+Alt+V sioni hayo maneno Values wala Formulas. Ninaona orodha fupi yenye Unicode Text na HTML. Nilidhani kompyuta yangu ina Excel pungufu, nikawa nimeshaanza kuulizia bei ya nyingine.

Bi Mizania:
Usinunue bado, mama. Mara nyingi orodha hiyo hutokea pale mafaili mawili yanapofunguliwa na Excel mbili zinazojitegemea, hivyo moja inaiona data ya nyingine kama maandishi yaliyotoka programu ngeni. Funga faili moja, kisha ukiwa ndani ya lile lililobaki bonyeza Ctrl+O na ulifungue tena kutoka humo. Hakikisha pia kwamba ulinakili kwa Ctrl+C, kwa sababu ukikata kwa Ctrl+X machaguo hayo hayapatikani.

Mama_Risiti:
Yametokea yote. Ahsante sana, mwanangu.

Fundi_Kibodi:
Nimekubali kosa langu. Lakini kwa ripoti iliyokwisha kuharibika, si aende tu Data, kisha Edit Links, kisha Break Link?

Bi Mizania:
Anaweza, ila asianze na hilo. Break Link hugeuza fomula kuwa namba inayoonekana wakati huo, na namba inayoonekana sasa ni 740,000, yaani ile isiyo sahihi. Isitoshe, Ctrl+Z hairudishi. Kwanza tengeneza nakala ya faili, kisha rudisha 17,000 kwa kuitazama karatasi iliyosainiwa. Kama unayo nakala ya zamani ambayo haijaguswa, ifungue na ukatae Update, ndipo uvunje viungo humo.

Na kama ungetaka fomula iendelee kuwa hai lakini isome shiti yako ya Bei, ungefungua faili zote mbili, ukabonyeza Ctrl+H, ukaandika `[Tawi_Kihonda.xlsx]` na kuacha sehemu ya pili tupu. Hilo hufanya kazi pale tu shiti yenye jina hilohilo ipo kwako na bidhaa zimepangwa katika safu zilezile. Kwa ripoti inayosainiwa, mimi nisingelifanya.

KaraniWaStoo:
Nimeipata nakala ya zamani kwenye barua pepe niliyomtumia bosi. Nimekataa Update, 680,000 ipo, nimevunja viungo, na nikitafuta alama ya `[` kwa Ctrl+F katika faili zima, Look in ikiwa Formulas, haipatikani tena. Hata hivyo, Excel bado inaniuliza kuhusu viungo kila ninapoifungua, na Edit Links bado inalitaja faili la Kihonda.

Bi Mizania:
Basi kiungo hakimo kwenye fomula za seli. Bonyeza Ctrl+F3 uangalie kama kuna jina linalotaja faili hilo. Kama halipo, ninashuku orodha za kuchagua bidhaa: Ctrl+V ya kawaida hubeba na hizo pia. Nenda Home, Find & Select, Data Validation; seli zenye orodha zitachaguliwa zote, kisha ukague chanzo cha kila moja.

KaraniWaStoo:
Ctrl+F3 ilionyesha majina mawili ya tawi, nimeyafuta, lakini swali bado linatokea. Safu ya B ina orodha kweli, na nyingine zinaonekana tofauti na zile nilizotengeneza mimi. Ofisi inafungwa sasa. Nitazikagua Jumatatu na kurudi hapa.