Tupeane uzoefu: kutangaza mechi ya mtaa kwa mbwembwe, wapi unanyamaza na wapi unasifu

Mwana Katuba
Jumapili avenyu yetu inacheza na avenyu ya chini. Mikro iko, bafle ziko, watu wa kupiga kelele hawakosi. Shida ni kunyamaza. Mtangazaji anakata maneno ili watu wangoje, akifungua macho mpira umeshafika kwa kipa mwingine. Ninyi munaoandika karatasi mapema, munaipanga namna gani?

Fundi Mikro, Kamalondo
Usiandike mechi, andika vituo. Mechi hakuna anayeijua, lakini vituo vyake tunavijua wote: mpira utaanguka mferejini, kipa atachelewa kuupiga, arbitri atazungukwa na watu kumi. Kila kituo kipe kipande chake, kisha upime kama kinaenea.

Sauti ya mbwembwe, ile ya pole pole, inatoa kama maneno mawili kwa sekunde. Mpira ukiingia mferejini mpaka mtoto aulete, hesabu sekunde 20. Toa 8 za kunyamaza na za watu kucheka. Zinabaki 12, yaani maneno 24 na si zaidi. Ukiandika 50 utakuwa bado unasifu mrusho wakati watu wanaangalia shuti.

Mimi naweka alama. Mkwaju mmoja ni pumzi, miwili ni sekunde 2, mitatu ni kungoja jicho:

"Mpira umetoka. // Uwanja mzima umesimama. // Anaushika fundi cherehani wa avenyu yetu, / mikono iliyoshona suti za magavana, / mikono isiyotetemeka, / anainua… ///"

Hapo karatasi inaisha, maneno 19. La mwisho haliandikwi, linatoka uwanjani. Akimrushia mwenzake, unasema "na amemwona ndugu yake katikati ya maelfu!" hata kama wako wawili tu pale. Akimrushia arbitri, unasema "amempa arbitri." Basi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma bei ya unga. Kicheko kinatoka katika ule mporomoko wa sauti. Kunyamaza kwa mikwaju mitatu si pambo, ni muda wa kuona kwanza.

Mutoto wa Kadutu
Njo vile. Huku Bukavu terè iko ku mulima, mpira ukishuka unaweza kusoma gazeti nzima.

Mama wa Ruashi
Mwanangu anapenda sana mambo haya. Kuingia redioni wanaomba diploma gani?

Mwana Katuba
Mama, si redio. Ni ya kuchekesha watu wa mtaa.

Mama wa Ruashi
Hata kwa redio wanachekesha.

Dije Kampemba
Munasahau eko. Fungua eko ku mikseri, kila neno litakuwa kama liko stadi kubwa. Na ule mlio wa larseni unatoka kwa sauti kuwa juu sana, mupunguze tu.

Fundi Mikro, Kamalondo
Yaya, kwa larseni umesema nusu. Sauti juu inachangia, lakini chanzo ni bafle kuangalia mikro. Simama nyuma ya bafle na mlio unapungua sana hata kwa sauti kubwa. Ukiwa mbele yake, mikro inasikia bafle, bafle inairudisha tena, na ukinyamaza ule mlio unabaki peke yake.

Eko nakataa. Inaendelea kuongea wewe umenyamaza, ukimya wote unaliwa. Vilevile usiweke bafle moja goli hili na nyingine goli lile. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, terè ya mita 100 inakuletea neno la pili karibu theluthi moja ya sekunde nyuma ya la kwanza. Watu watasikia "gogoli". Weka zote mbili upande mmoja, katikati.

Mikro iwe vidole vitatu kutoka mdomoni kwa maneno ya kawaida. Ukifika kwenye goli, nyoosha mkono mpaka kiwiko kifunguke. Bila hivyo bafle inapasua sauti na ile "ooo" ndefu inakuwa mtu anayepaliwa.

Dije Kampemba
Eko kidogo haina ubaya. Nimesema kidogo.

Kunguru Mweusi
Kwa sifa: kipa yeyote mwite Kidiaba, yule kipa wa Mazembe. Watu wote wataanza kumwomba aruke na makalio, mechi inajiendesha yenyewe dakika tano.

Damu ya Lupopo
Hapo njo munaharibu. Nusu ya watazamaji si wa Mazembe. Ukisema Kidiaba, upande mmoja unacheka, mwingine unazomea kipa wa watu bure.

Kunguru Mweusi
Kombe la Dunia la vilabu 2010, Abu Dhabi, nusu fainali tulipiga Internacional ya Brazili 2-0, Kabangu na Kaluyituka. Lupopo walikuwa wapi?

Damu ya Lupopo
Na fainali? Inter ya Milano iliwapa ngapi? Sema kwa mikro.

Kunguru Mweusi
Tatu. Lakini tulifika.

Dada Kenya
Acheni, mutamaliza batri. Sifa tamu ni ya kitu kidogo mtu amekifanya vizuri, ukikipandisha mpaka mbinguni. Pasi ya mita mbili: "amevuka Lualaba bila mtumbwi!" Mwenyewe anatabasamu. Ukisifu kosa lake hivyo hivyo, amekosa goli tupu nawe unasema "ni fundi", hiyo ni matusi yenye manukato. Tena mbele ya bibi yake na bakwe wote.

Damu ya Lupopo
Makosa njo yanachekesha lakini. Bila makosa utatangaza nini kwa timu ile?

Mbona Vumbi
Ngojeni niwaambie ya terè moja ya huku, Agosti, vumbi mpaka kwenye meno. Penalti, 0-0, dakika za mwisho. Mtangazaji alikuwa ameandika yote: "Anarudi nyuma… // dunia inashika moyo… // anakuja… ///" na chini yake, herufi kubwa, GOOOOLI. Macho yake yako kwa karatasi. Mpira unapiga mti wa goli, unarudi, kipa anaukumbatia. Yeye anavuta ile "ooo" mpaka pumzi inakata! Waliosimama nyuma hawaoni kitu, wanasikia bafle tu, wanaingia uwanjani wote. Mpigaji mwenyewe alibebwa juu, anakataa kwa mikono, wanafikiri anashukuru. Upande mwingine wakamfuata arbitri. Aliondoka na taksi-moto, firimbi ingali mdomoni. Wale wamama wa mandazi walibaki wakilia sinia zao.

Mutoto wa Kadutu
Firimbi mdomoni!

Kunguru Mweusi
Matokeo yaliandikwa nini?

Mbona Vumbi
Kila avenyu ina yake.

Mama wa Ruashi
Na mandazi nani alilipa?

Fundi Mikro, Kamalondo
Huyo aliandika neno la baada ya mikwaju mitatu, njo chanzo. Halafu terè zetu nyingi hazina wavu. Ukisimama pembeni, mpira uliopita nje ya mti unaonekana sawasawa na ulioingia. Usiangalie mpira, mwangalie arbitri: akinyoosha mkono katikati ya uwanja, fungua "ooo". Utachelewa sekunde moja au mbili, na huo ukimya ndio mtamu kuliko yote, watu wanakugeukia.

Dije Kampemba
Ukichelewa hivyo watu wameshashangilia, unakuwa mwangwi wao. Mimi ningefungua mara moja, kisha nikanushe kwa mzaha.

Dada Kenya
Kakanushe ukiwa juu ya taksi-moto.

Mwana Katuba
Sasa penalti niandike maneno mangapi?

Fundi Mikro, Kamalondo
Kubishana kabla yake kunachukua dakika nzima, hapo ongea unavyotaka. Mpira ukishawekwa chini, kumi. Karatasi mfukoni.

Damu ya Lupopo
Weka kumi na tano. Huyo mpigaji wenu anafunga kamba ya kiatu mara mbili.