Tupeane uzoefu: rojo la yai na maji baridi kwa minofu ya sangara na mboga

MamaWaKirumba: Habari zenu wapendwa. Nina meza ya samaki wa kukaanga hapa Kirumba, jioni. Nimeanza minofu ya sangara ya kuchovya kwenye rojo la yai, unga wa ngano na maji baridi, pamoja na karoti na biringanya. Ikitoka kwenye karai inalia ukiitafuna. Mteja akifika Pasiansi ananipigia kwamba imelegea. Wenye uzoefu, mnafanyaje?

JikoLaMkaa: Siri ni barafu tu, mama. Tupia vipande vya barafu humo humo kwenye rojo, habari imekwisha.

Mzee wa Karai: Kwenye baridi uko sahihi, ndugu. Ila barafu ikiyeyuka ndani, rojo linakuwa maji na linateleza kwenye samaki. Mimi bakuli la rojo nalikalisha ndani ya beseni lenye barafu.

Nimekaanga hotelini miaka mingi, na mtindo huu ndio wa tempura ya Kijapani. Vunja yai moja kwenye kikombe, jazia maji baridi sana mpaka kijae, koroga hayo mawili kwanza. Kisha mimina juu ya kikombe kimoja cha unga uliochekechwa, uvuruge kwa njiti au uma mara chache tu. Mabonge madogo yaache. Wengi hapo roho zinawauma, wanapiga mpaka rojo linakuwa laini kama la chapati za maji, na ndipo wanapoliharibu. Unga wa ngano ukilowa na kupigwa sana unavutika, na ganda linakuwa gumu na zito badala ya jepesi. Baridi inachelewesha huko kuvutika. Ndiyo maana rojo linachanganywa mafuta yakiwa tayari yamepata moto. Likikaa nusu saa likingoja wateja, changanya jingine.

Chaupele: Samahani wakuu, na chipsi mayai nazo yai liwe baridi? Zangu zinagandia kwenye kikaango.

JikoLaMkaa: Chaupele, huku ni rojo la samaki 😂 Kausha kikaango chako vizuri, kipate moto kabla ya mafuta.

Bibi wa Ukerewe: Wanangu, mimi friji sina. Barafu naichukua palepale Mwaloni, ile wanayopangia samaki.

Mzee wa Karai: Shikamoo bibi. Hiyo iwekwe nje ya bakuli tu, isiguse rojo. Imeshalala na samaki, si ya kuliwa. Maji ya rojo yawe ya kunywa, uyaweke kwenye chupa na kuizika kwenye hiyo barafu.

Bibi wa Ukerewe: Marahaba. Hilo naliweza.

DadaBuzuruga: Mie natumia soda isiyo na ladha badala ya maji, ile ya gesi, kutoka kwenye friji. Ganda linatoka na vitundu vitundu, jepesi kweli. Ila usikoroge mpaka gesi iishe. Na sehemu moja ya unga kati ya nne naweka wa muhogo, kwa sababu ule hauvutiki.

MamaWaKirumba: Muhogo nitaujaribu. Lakini wakuu, mbona karoti zinakaa na samaki ndiye anayelegea?

Mzee wa Karai: Kwa sababu ya maji ya samaki mwenyewe. Kata minofu unene wa kidole, tia chumvi, iache kama dakika kumi. Utaona imetoa maji juu. Ifute kwa kitambaa safi, ipake unga mkavu kidogo, kung'uta, ndipo uchovye. Ukiruka kufuta, maji yale yanageuka mvuke chini ya ganda, linaloana likiwa bado la moto. Mafuta yapime kwa tone la rojo: likizama nusu na kupanda haraka, yapo sawa. Likienda chini kabisa likakaa, bado, na samaki atakunywa mafuta. Likitawanyika juu papo hapo, yamezidi. Usijaze karai, mafuta yatapoa.

DadaBuzuruga: Na akishatoka, mweke kwenye waya, si kwenye sinia lenye karatasi. Upande wa chini ndio unaoloa kwanza.

MamaWaKirumba: Mimi namfungia mteja kwenye mfuko wa nailoni, moto moto...

DadaBuzuruga: Haya, tumempata mchawi! Karatasi, mdomo wazi.

JikoLaMkaa: Hata karatasi, mpaka Pasiansi kwenye daladala? Mimi kiini cha yai tu ndicho kinachosaidia. Ute unafanya ganda liwe gumu.

Mzee wa Karai: Kiini kinaongeza rangi, nakubali, na wapo wapishi wanaotumia kiini pekee. Mimi na yai zima sijaona shida. Ila ukweli ni kwamba ganda hili ni la kuliwa papo hapo. Wa kwenda mbali, muuzie sato mkavu asiye na rojo.

MamaWaKirumba: Wateja wangu wengi ni wa kubeba, mzee. Nikiwakaangia mara mbili, ya pili anapofika mezani, itashika?

DadaBuzuruga: Kwa kuku inashika. Kwa sangara naogopa minofu itakauka. Aliyejaribu aseme.