Wenye karakana ndogo Tabora na Kigoma: bima au kibubu? Tupeane uzoefu

Seremala_Ipuli
Habari za kazi wadau. Niko Tabora mjini, karakana ya useremala, vitanda, milango, sofa za kuagiza, vijana watatu. Kuna ajenti wa bima amenipitia mara kadhaa, ananiambia nikate bima ya moto na wizi ya milioni 10, ada yake naimudu. Na mimi nina kama milioni 2 nimetenga benki kwa ajili ya dharura. Swali langu, kwa nyie mliopata majanga au mliokaa na bima muda, milioni 10 inatosha? Na je mashine ikifa yenyewe nayo inalipwa au hapo najitegemea? Nataka visa vya watu sio vipeperushi, vipeperushi ninavyo.

Grainda_Gongoni
Mkuu kata tu, bima ya moto inalipa kila kitu kilichoungua, hata mota ikiungua kwa umeme kuzidi si imeungua? Moto ni moto. Mi nachomelea mageti, nina bima na nalala usingizi.

Kibirizi_Boi
Mimi nalipa bima ndogo ya bodaboda kila mwaka, sijawahi kulipwa hata mia. Hawa jamaa kuchukua tu.

Dada_Cherehani_Mwanga
Kibirizi Boi, bima ndogo inamlipa yule uliyemgonga, sio wewe, kwa hiyo kama hujamgonga mtu hukutegemea kulipwa lol. Tuendelee na mada.

Mimi niko Kigoma, Mwanga, nina chumba cha cherehani. Nilikuwa na bima ya wizi kupitia mkopo, walilazimisha. Asubuhi moja nimefika, mlango uko vizuri, kufuli limefungwa vizuri kabisa, ndani cherehani mbili za ovaloki hakuna. Nikaenda polisi nikapata RB, nikapeleka bima na risiti za EFD nilizonunulia, kila kitu ninacho. Yule aliyetumwa kukagua alikuja akapiga picha kufuli, akapiga picha bawaba, akaangalia dari, akaniuliza nani wengine wana ufunguo. Nikamwambia binti niliyemwajiri. Jibu likaja kwamba hakuna alama ya kuvunja wala kuingia kwa nguvu, kwa hiyo halilipwi. Niliumia lakini nikasoma ule mkataba, kweli imeandikwa, tena sio kwa maandishi madogo.

Bibi_Kava
Shikamooni kwa wakubwa, marahaba kwa wadogo. Nimefanya kazi ya kukadiria hasara miaka mingi kabla sijarudi nyumbani Tabora kulima, ngoja niseme machache.

Dada wa Mwanga, ulichokumbana nacho ndiyo kawaida. Bima ya wizi ya biashara inataka mtu aingie au atoke kwa nguvu, na iache alama: kufuli lililokatwa, bati lililong'olewa, nondo iliyopindwa. Mtu mwenye ufunguo akiiba, hasa mfanyakazi wako, hiyo ni bima nyingine kabisa, ya uaminifu wa wafanyakazi, na karakana ndogo nyingi haziikati. Kwa hiyo kabla hujalipa ada jiulize vitu vyako vikipotea vitapotea vipi. Kwa seremala mashine kubwa haibebeki usiku kirahisi, kinachopotea ni drili, grainda na ruta, na mara nyingi zinaondoka mchana mlango uko wazi. Bima ya wizi haitakusaidia hapo, utasaidiwa na kabati la chuma na daftari la nani kachukua nini.

Fundi wa Gongoni, mwanangu, hapo kwenye mota umekosea nusu. Mota ikiungua ndani kwa sababu ya umeme, mkataba wa kawaida wa moto unaiacha ile mota yenyewe nje. Lakini ikiwa moto umetoka kwenye mota ukashika mbao na paa, zile mbao na paa zinalipwa. Ukitaka mota ilipwe unaongeza bima ya kuharibika kwa mitambo, na hiyo nayo haitaki uchakavu: beringi iliyokufa kwa kuzeeka, mkanda uliolika, hakuna anayekulipa.

Grainda_Gongoni
Daah. Shikamoo bibi. Basi mi nilivyoelewa kwa ajenti ni tofauti, ntamuuliza kwa maandishi.

Bibi_Kava
Marahaba. Ndiyo, kwa maandishi.

Sasa Seremala, nikujibu la milioni 10. Hebu orodhesha vitu vyako kwa bei ya leo, sio bei uliyonunulia. Mashine, vifaa vya mkono, mbao, na kazi zilizokamilika zinazosubiri wateja.

Seremala_Ipuli
Bibi asante. Mashine ya kuranda na kupasua kwa pamoja weka milioni 7. Kompresa na mashine za mkono milioni 3. Mbao, mninga nyingi na mkongo kidogo, huwa haishuki milioni 6 maana nanunua nyingi wakati wa kiangazi. Kazi zilizokamilika milioni 4 hivi. Jengo la mwenye nyumba.

Bibi_Kava
Milioni 20. Na ajenti anakukatia 10.

Sikiliza kitakachotokea. Tuseme moto unashika upande wa mbao tu, mashine zinapona. Umepoteza mbao za milioni 4 na vitanda vya milioni 2, jumla 6. Wewe unawaza, nina bima ya milioni 10, hasara ni 6, nalipwa 6. Hapana. Mkadiriaji anakuja anahesabu VYOTE vilivyokuwepo, vilivyoungua na vilivyopona, anapata 20. Wewe ulilipia 10, yaani nusu. Basi wanasema nusu nyingine ulijikatia bima mwenyewe, wanakulipa nusu ya hasara, milioni 3, halafu wanatoa na ile eksesi, sehemu unayobeba mwenyewe iliyoandikwa kwenye mkataba. Nimekaa mbele ya watu wazima wakilia kwa hesabu hii, wanadhani wameibiwa, kumbe kipengele kiko kwenye karibu kila mkataba wa moto.

Kwa hiyo usipunguze kiasi ili ada ipungue. Ni afadhali ukate moto peke yake kwa milioni 20 kamili, uache wizi, kuliko kukata moto na wizi kwa nusu.

Na uliza mambo mawili. La kwanza, mashine zinalipwa kwa bei ya kununua mpya au bei ya mashine iliyochoka kama yako? Kiasi unachoandika lazima kifuate jibu hilo. La pili, vitu vya wateja. Mtu akileta sofa yake kubadilisha kitambaa, ile si mali yako, isipotajwa kwenye mkataba kwamba inahusu na mali za watu ulizoshikilia, utamlipa mwenyewe.

Umeme_Ujiji
Niongezee kwenye mota maana ndiyo kazi yangu huku Ujiji. Mota nyingi za fezi tatu ninazoletewa kusuka upya waya zimekufa kwa sababu moja, fezi moja imekatika, fyuzi imeungua au waya umelegea kwenye nguzo, mota inaendelea kuzunguka kwa fezi mbili inanguruma vibaya, kijana anadhani ubao ni mgumu anazidi kusukuma, joto linapanda mpaka varnishi inaungua. Ukifungua unaona koili za fezi mbili zimekuwa nyeusi na za fezi moja bado zinang'aa, au kinyume chake kutegemea na walivyounga, ila ule mchoro wa kuungua kwa mpangilio ndio unakuambia. Kama zimeungua zote sawa hapo ni kuzidiwa mzigo. Rilei ya kulinda fezi na ile ya kukata mzigo ukizidi, zikiwa zimewekwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, zinazuia karibu shida yote hiyo na bei yake ni ndogo kuliko kusuka mota mara moja. Tatizo mafundi wakiona inakatakata wanaipandisha mpaka mwisho au wanairuka kabisa.

Vikoba_Isevya
Mi bado siamini bima. Sisi tuna kikundi, mmoja akipata janga tunachanga, hakuna fomu.

Bibi_Kava
Kikundi ni kizuri kwa msiba na kwa mota. Lakini kama wanakikundi wote mko mtaa mmoja wa mafundi, ukuta kwa ukuta, moto ukipita mtachangiana nini?

Vikoba_Isevya
Hapo sina jibu kwa kweli, tuko fremu sita zimeshikana.

Seremala_Ipuli
Sasa bibi ile akiba yangu ya milioni 2 ifanye nini, nikikata moto wa 20?

Bibi_Kava
Akiba ibebe yale ambayo bima haigusi. Mota mpya ya randa yako shilingi ngapi? Kodi na posho za vijana kwa mwezi ngapi?

Seremala_Ipuli
Mota laki 9. Kodi na posho laki 6 kwa mwezi. Eksesi ajenti alisema laki 5.

Bibi_Kava
Basi usijumlishe vyote, maana havitokei siku moja. Mota ikifa unahitaji laki 9 na wiki moja au mbili za posho. Moto ukitokea unahitaji laki 5 za eksesi na kuishi mpaka ulipwe, mimi huwa nahesabu miezi miwili, kwako milioni 1 na laki 2. Jumla milioni 1 na laki 7. Chukua kubwa kati ya hizo mbili. Kwa hiyo milioni 2 inatosha na bima ya mitambo kwa mashine yako ya zamani sikushauri, weka rilei za kijana wa Ujiji. Ila niambie ukweli, hizo milioni 2 ni zako zote?

Seremala_Ipuli
Kuna laki 8 ni advansi ya vitanda vya lodji, bado sijanunua godoro zao.

Bibi_Kava
Kumbe una milioni 1 na laki 2. Advansi iweke akaunti nyingine.

Dada_Cherehani_Mwanga
Bibi swali, mi ukuta wangu mmoja ni mbao na jirani anachomelea. Watanikubali?

Bibi_Kava
Wengine wanakataa, wengine wanapandisha ada, wengine wanataka mtungi wa kuzimia moto na ukuta wa tofali kwanza. Usifiche kwenye fomu. Ukiandika tofali na ni mbao, siku ya moto wana sababu ya kukataa dai zima.

Grainda_Gongoni
Mi huyo jirani anayechomelea nimeguswa 😂 ila cheche zinaruka kweli, mi nina turubai tu. Bibi na mimi kwenye fomu niliandika "duka la vifaa", ajenti alisema itashusha ada. Hiyo nayo ni shida?

Bibi_Kava
Kesho asubuhi nenda ukabadilishe, uandike karakana ya kuchomelea, wakiongeza ada lipa, na uondoke na karatasi iliyorekebishwa yenye muhuri wao. Ajenti akikataa nenda ofisi yenyewe ya kampuni. Wakikukatalia dai siku moja na wewe uliandika ukweli, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima unaweza kumpelekea malalamiko. Ila ukienda na fomu ya duka hata yeye hana pa kuanzia.

Seremala_Ipuli
Jumamosi nahesabu stoo yote na vijana. Bibi mbao ambazo ziko kwa mteja nje ya karakana nazihesabu?

Bibi_Kava
Bima inafuata anwani iliyoandikwa. Za huko acha.